Skuta ya Umeme au Pikipiki ya Petroli: Hesabu ya Kilomita kwa Mwendeshaji wa Dar es Salaam

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya waendesha pikipiki na wanavikoba, Dar es Salaam



Kila anayefikiria kuhama kutoka petroli kwenda umeme huanza na hesabu moja: naweka mafuta ya shilingi ngapi kwa siku, na nikichaji nitalipa ngapi. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili ni betri. Betri ina idadi ya kilomita itakayokupeleka kabla ya kuchoka, na kila kilomita unayotembea unaimega. Kwa hiyo bei ya betri ni lazima igawanywe kwa kilomita zake na iwekwe kando ya bei ya umeme. Ukifanya hivyo, zipo skuta zinazoshinda petroli vizuri, na zipo nyingine ambazo ni ghali kuliko Boxer. Nyingi kati ya hizo za pili ndizo zenye bei nafuu dukani.

Bei nitakazotumia ni za mfano, nimezifanya ziwe namba za mviringo ili tufuatane. Kila mmoja abadilishe kwa bei ya siku yake.

Nianze na petroli, maana ndiyo tunayoijua. Pikipiki ya cc 125 au 150, ikiwa na abiria au mzigo kwenye foleni za mjini, huenda kama kilomita 40 kwa lita. Lita ikiwa shilingi 3,000, kilomita moja ni shilingi 75. Ongeza oili inayomwagwa kila baada ya kilomita 2,000 hivi, tunafika shilingi 80. Mnyororo, matairi na breki siviweki, kwa sababu karibu vyote viko pande zote mbili.

Sasa skuta. Nachukua yenye betri ya lithiamu ya volti 72 na ampea-saa 40. Zidisha namba hizo mbili upate 2,880, yaani karibu uniti 2.9 za umeme, zilezile za LUKU. Muuzaji atakwambia inatembea kilomita 100. Inawezekana, kama ni mtu mmoja mwepesi, barabara tambarare, mwendo wa pole na hakuna foleni. Ukiwa na abiria, ukipanda Kimara na kusimama kila taa, skuta hula kama wati-saa 40 kwa kilomita. Na betri haimalizwi mpaka tone la mwisho, unabaki na akiba ya asilimia 15. Ukipiga hesabu unapata kilomita 60. Hiyo ndiyo namba ya kupangia siku yako.

Umeme wake ni rahisi kwelikweli. Chaja hupoteza kidogo kwa joto, kwa hiyo kilomita moja huvuta kwenye soketi kama wati-saa 46. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, ambaye shilingi elfu moja humpa uniti 2.8, hiyo ni shilingi 16 na senti kidogo. Hapa ndipo watu husimama na kusema, 80 dhidi ya 16, tumepona.

Tuendelee. Betri hii ikinunuliwa upya tuseme ni shilingi 1,800,000. Kiwandani huandika kuwa inachajika mara 2,000 au zaidi. Kwa joto letu na barabara zetu mimi hupanga mara 1,000 kamili, na kwa kuwa uwezo hupungua taratibu, wastani wa kilomita 55 kila mara. Jumla ni kilomita 55,000. Gawanya, unapata shilingi 33 kwa kilomita. Ongeza umeme, jumla ni shilingi 49. Bado umeshinda petroli kwa shilingi 31. Hiyo ndiyo faida halisi, si 64.

Tuiweke kwenye maisha ya mtu. Fundi simu anakaa Mbezi Luis, kibanda chake kiko Kariakoo. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40, na mizunguko ya kufuata spea inamfikisha 50. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ametembea kilomita 1,300. Kwa petroli ni shilingi 104,000. Kwa skuta, umeme ni kama 21,000 na betri ni 43,000. Anabakiwa na 40,000 kila mwezi. Ile 43,000 haitoki mfukoni leo, na ndiyo hatari yake. Asipoiweka kwenye kikoba, baada ya miaka mitatu na nusu atatakiwa kutoa milioni moja na laki nane kwa mpigo, na skuta itasimama uani. Nimeziona skuta za namna hiyo, mota nzima, fremu nzima, tairi bado zina kashata, zimefunikwa turubai kwa sababu ya betri tu.

Mtu huyu, kwa maoni yangu, achukue umeme. Anachaji usiku mara moja, asubuhi anaondoka imejaa, jioni anarudi na akiba.

Dereva wa kijiwe mambo yake ni mengine. Anatembea kilomita 120 kwa siku. Kwenye karatasi yeye ndiye anayefaidi zaidi, karibu shilingi 97,000 kwa mwezi. Lakini betri yake inafika 60 tu, kwa hiyo mchana lazima achaji. Chaja ya ampea 10 itahitaji kama saa tatu kurudisha alichotumia. Ile ya ampea 5 ni mara mbili yake. Saa tatu za mchana akikosa abiria wawili wa shilingi 2,000 kila mmoja, kwa mwezi amepoteza 104,000. Faida yote imekwenda, na bado mwenye chombo anadai hesabu yake ya jioni. Isitoshe, betri inakwisha ndani ya mwaka mmoja na nusu, pengine kabla mkataba haujaisha.

Ndiyo maana Kigali na Nairobi biashara hii ilipita njia nyingine. Kampuni ya Ampersand ilipoanza Kigali mwaka 2019, dereva hakuuziwa betri. Anafika kituoni, anatoa iliyokwisha, anawekewa iliyojaa ndani ya dakika chache, analipia umeme alioutumia. Betri ikichoka ni ya kampuni. Pale saa tatu za mchana hazipo, na deni la betri halipo. Kwa hiyo dereva wa kijiwe aliyeko hapa nasi, kama hakuna kituo cha kubadilishia betri kwenye njia zako, baki na petroli, au nunua chombo chenye nafasi ya betri mbili ukijua kwamba umenunua mbili za kutunza.

Sasa niseme juu ya zile za bei nafuu. Skuta nyingi ndogo zina betri za risasi, yaani sita za volti 12 na ampea-saa 20 zilizofungwa mstari mmoja. Zimeandikwa volti 72 vilevile, na mnunuzi hudhani ni kitu kilekile. Uwezo wake ni uniti 1.4, na kwa mwendo wa kawaida unapata nusu hadi theluthi mbili ya huo. Hata skuta ikiwa nyepesi, hesabia kilomita 25, na kuchajiwa kama mara 300. Jumla ni kilomita 7,500. Seti mpya ikiwa 540,000, kilomita moja ni shilingi 72 za betri tu. Ongeza umeme, unafika karibu 90. Imeipita petroli.

Betri hizi huuawa na jambo moja zaidi ya mengine: kuachwa zikiwa zimeisha. Ukirudi saa nne usiku umechoka, ukalala bila kuchaji kwa siku mbili, chumvi nyeupe ya risasi inaganda kwenye bamba za ndani na haitoki tena. Kisha mojawapo inadhoofika kabla ya wenzake. Dalili yake ni hii: chaja inawasha taa ya kijani haraka kuliko zamani, na kilomita zimepungua. Pima kila betri kwa mita wakati tairi limeinuliwa na mtu amelishikilia kwa breki kidogo. Tano zikisimama kwenye 12 na moja ikashuka 10.5, umempata mgonjwa. Fundi atakushauri ubadilishe hiyo moja. Usikubali kama zingine zina zaidi ya miezi michache, kwa sababu mpya itakaa na zilizochoka, chaja itaona jumla tu, na moja itazidishiwa huku nyingine zikipungukiwa.

Lithiamu ina tabia nyingine. Haichukii kuachwa nusu. Inachukia joto na kumalizwa kabisa. Ukifika nyumbani betri ina moto, iache nusu saa kabla ya kuchomeka. Lebo ikisoma LiFePO4, jua kwamba mistari ya kwenye dashibodi inakudanganya: volti yake hukaa palepale karibu safari nzima, kisha mistari miwili ya mwisho inadondoka pamoja. Hesabu kilomita kwa odomita. Na angalau mara moja kwa wiki iache kwenye chaja kwa muda baada ya taa kuwa kijani, ili saketi ya ulinzi isawazishe seli. Chaja ya kuazima ni hatari. Betri ya seli 24 za LiFePO4 hujaa kwenye volti 87.6, na ile ya seli 20 za lithiamu yenye nikeli hujaa kwenye 84. Zote mbili huitwa za volti 72. Ukiweka chaja ya kwanza kwenye betri ya pili unategemea saketi ya ulinzi peke yake kuizuia betri isilipuke.

Jambo la mwisho linawahusu wapangaji. Fundi wetu wa Mbezi atavuta kama uniti 60 kwa mwezi. Nyumba nyingi za uswahilini ziko kwenye kundi la D1, la wanaotumia hadi uniti 75 kwa bei ndogo. Nyumba iliyokuwa inatumia 45 sasa inatumia 105. Zinazozidi hulipiwa bei ya juu, na nyumba ikiendelea kuzidi huhamishiwa kundi la kawaida. Mwenye nyumba ataliona hilo kwenye LUKU kabla hujamweleza, na majirani watajua ni nani. Funga mita ndogo kwenye soketi ya skuta, mkubaliane bei kwa uniti, tena iwe ya kundi la kawaida tangu mwanzo. Kama unakaa ghorofani, kumbuka betri hii ina kilo 25 au zaidi, na utaipandisha kila usiku.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti mambo matatu: aina ya seli, muda wa dhamana, na kiwango cha uwezo ambacho betri ikishuka chini yake atabadilisha, mfano asilimia 70. Na iandikwe itapimwaje. Njia rahisi ni kuijaza, kuitembeza mpaka ijizime, kisha kuijaza tena kupitia ile mita ndogo. Betri ya uniti 2.9 ikiwa mpya itavuta kama 3.3. Siku ikivuta 2.3, imefika asilimia 70, na una namba ya kumwonyesha.