Spinachi Haiwezi Kuchukua Nafasi ya Maziwa: Kazi ya Oksaleti Katika Mboga
Mazungumzo ya lishe kwa wakazi wa kaunti



Mada ya leo ni spinachi na madini ya kalsiamu, yale yanayojenga mifupa na meno. Katika nyumba nyingi, bei ya maziwa inapopanda, mzazi hupunguza maziwa ya watoto na kuongeza mboga za kijani. Hesabu yake inaonekana sawa. Amesikia kwamba spinachi ina kalsiamu nyingi, na kweli inayo. Tatizo ni kwamba karibu kalsiamu hiyo yote hupita tumboni na kutoka nje bila kuingia mwilini.

Sifa hiyo ya spinachi inatokana na vipimo vya maabara. Mtaalamu anayetaka kujua madini yaliyomo katika jani hulichoma likawa majivu, kisha hupima kilichobaki. Kikombe kimoja cha spinachi iliyopikwa na kukamuliwa maji hupatikana na takriban miligramu 240 za kalsiamu. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300. Mtu akiziweka takwimu hizi mbili pamoja, atasema spinachi na maziwa vinakaribiana. Lakini utumbo wa binadamu hauchomi jani likawa majivu. Unachukua tu kalsiamu iliyo huru, inayoweza kuyeyuka na kupenya.

Hapa ndipo oksaleti inapoingia. Oksaleti ni aina ya asidi ambayo mmea hujitengenezea wenyewe. Spinachi ina nyingi sana, mara nyingi kati ya miligramu 600 na 1,000 katika gramu 100 za majani. Oksaleti na kalsiamu zikikutana hushikana na kuwa fuwele, yaani chembe ngumu ndogo sana zisizoyeyuka kwa urahisi katika maji. Inachukua takriban miligramu 220 za oksaleti kufunga miligramu 100 za kalsiamu. Gramu 100 za spinachi mbichi zina karibu miligramu 100 za kalsiamu. Kwa hiyo oksaleti iliyomo inatosha kuifunga kalsiamu yote ya jani hilo na nyingine ikabaki.

Wakazi wengi tayari wanazijua fuwele hizi, ingawa hawajawahi kuziita kwa jina. Anayemenya nduma mbichi huwashwa mikono, na nduma ambayo haikuiva vizuri huwasha koo. Ndani ya nduma mna fuwele za kalsiamu na oksaleti zenye umbo la sindano, na hizo huchangia mwasho huo. Za spinachi hazina umbo hilo la kuchoma, lakini oksaleti yake huacha ukakasi kwenye meno baada ya kutafuna. Ukakasi huo ni dalili kwamba mboga uliyokula ina oksaleti nyingi.

Je, ni kiasi gani hasa kinachoingia mwilini? Swali hili lilijibiwa kwa majaribio nchini Marekani. Mwaka wa 1988, Robert Heaney na Connie Weaver, pamoja na mwenzao, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu wazima 13 wenye afya. Spinachi iliyotumiwa ilikuzwa kwa lishe yenye kalsiamu iliyotiwa alama inayoweza kufuatwa kwa vifaa vya maabara. Kwa njia hiyo, watafiti waliweza kujua ni kalsiamu gani imetoka kwenye jani na imefika wapi. Kila mtu alipewa spinachi yenye miligramu 200 za kalsiamu, na siku nyingine akapewa maziwa yenye kiasi hicho hicho.

Kati ya kalsiamu ya maziwa, asilimia 27.6 iliingia mwilini. Ya spinachi ilikuwa asilimia 5.1 pekee. Kwa lugha rahisi, miligramu 200 za maziwa ziliupa mwili kama miligramu 55, na miligramu 200 za spinachi ziliupa kama 10.

Sasa hesabu hiyo iletwe jikoni. Mama aliyekuwa akimpa mtoto kikombe kimoja cha maziwa ameamua kumpa kikombe cha spinachi badala yake. Tukichukua viwango vya jaribio lile, kikombe cha maziwa chenye miligramu 300 huupa mwili takriban miligramu 83. Kikombe cha spinachi chenye miligramu 240 huupa takriban 12. Ili kuifikia kalsiamu ya kikombe kimoja cha maziwa, mtoto huyo angehitaji karibu vikombe saba vya spinachi iliyopikwa kwa siku. Hakuna mtoto atakayemaliza sahani hiyo.

Hasara ya namna hii haionekani upesi. Kalsiamu ya chakula ikipungua, mwili huchukua ya kwenye mifupa ili damu isipungukiwe, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila madini hayo. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa damu akaambiwa kalsiamu iko sawa, huku mifupa yake ikiendelea kulipa deni. Mtoto anayekua na mama mjamzito ndio wanaoguswa zaidi, kwa kuwa wanahitaji kujenga mifupa wakati huo huo.

Inafaa pia kujua ni mboga gani inayozungumziwa. Mboga yenye majani mapana na shina nene jeupe, ambayo sokoni huitwa spinachi, kwa kweli ni ndugu wa bitiruti. Spinachi iliyotumiwa katika jaribio lile ina majani madogo na laini zaidi. Hata hivyo, mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja, na yote ina oksaleti nyingi. Terere, au mchicha, nayo ni ya ukoo huo na ina tabia hiyo hiyo. Kwa hivyo kubadilisha spinachi kwa terere hakutatui shida ya kalsiamu.

Sukuma wiki ni habari nyingine. Sukuma ni ya ukoo wa kabichi, na mboga za ukoo huo zina oksaleti kidogo sana. Mwaka wa 1990, Heaney na Weaver walichapisha jaribio jingine la aina ile ile. Safari hii walitumia majani ya jamii ya sukuma wiki, wakayajaribu kwa wanawake 11. Kalsiamu iliyoingia mwilini kutoka kwenye majani hayo ilikuwa karibu asilimia 41, na ya maziwa katika wanawake hao hao ilikuwa asilimia 32. Hata kama kikombe cha sukuma iliyopikwa kina miligramu 150 tu za kalsiamu, mwili unaweza kupata kama 60 kati ya hizo. Hiyo ni mara tano ya kile unachopata kwenye kikombe cha spinachi, ingawa kwenye jedwali la maabara spinachi ndiyo inayoonekana kushinda.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama kuchemsha spinachi na kumwaga maji kunasaidia. Jibu lina sehemu mbili. Oksaleti ambayo bado haijashikana na kalsiamu huyeyuka kwenye maji, na ukimwaga maji hayo unaipunguza kwa kiasi kikubwa. Lakini ile iliyokwisha kuwa fuwele pamoja na kalsiamu haiyeyuki. Inabaki ndani ya jani. Kwa hiyo kuchemsha hakuifungui kalsiamu iliyofungwa, na spinachi iliyochemshwa haiwi chanzo kizuri cha madini hayo. Isitoshe, maji yaliyomwagwa huondoka na vitamini C na foleti. Kukaanga moja kwa moja kwa kitunguu na nyanya kunahifadhi vitamini hizo, lakini hakuiondoi oksaleti.

Kuna kundi moja ambalo kuchemsha na kumwaga maji kunalifaa kweli, nalo ni watu waliowahi kupata mawe kwenye figo. Mawe mengi ya figo yametengenezwa kwa kalsiamu na oksaleti. Oksaleti iliyo huru ikiingia kwenye damu, figo huitoa kupitia mkojo. Humo kwenye mkojo ikikutana na kalsiamu, fuwele huanza kujikusanya. Mtu wa kundi hili anashauriwa kupunguza spinachi na terere, anywe maji ya kutosha, na aepuke kabisa mtindo wa kusaga majani mabichi ya spinachi na kunywa bilauri nzima kila siku kama sharubati. Kinywaji hicho hukusanya majani mengi ambayo mtu asingeweza kuyatafuna kwa mlo mmoja.

Kosa kubwa zaidi ni mgonjwa wa mawe kuacha maziwa kwa kudhani kwamba kalsiamu ndiyo adui. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1993, uliofuatilia wanaume zaidi ya 45,000 nchini Marekani, ulionyesha kinyume chake: waliokula kalsiamu nyingi katika chakula walipata mawe kwa uchache kuliko waliokula kidogo. Sababu inayotolewa ni rahisi. Maziwa yakiliwa pamoja na mboga, kalsiamu yake huishika oksaleti huko utumboni, na zote mbili hutoka kwa njia ya choo bila kufika kwenye figo. Yaani kushikana kule kule kunakomnyima mtoto kalsiamu ya spinachi ndiko kunakomlinda mgonjwa wa figo.

Na je, spinachi huharibu kalsiamu ya maziwa yanayoliwa nayo? Inaweza kushika sehemu, lakini haiimalizi. Familia inayokula ugali kwa spinachi na kushushia kwa maziwa lala bado inapata kalsiamu kutoka kwenye maziwa hayo.

Hakuna sababu ya kuing'oa spinachi shambani. Ina foleti, vitamini K na viini vya rangi ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na hivyo oksaleti haivifungi jinsi inavyoifunga kalsiamu. Ipikwe na iliwe kwa ajili ya hayo. Kinachotakiwa ni kutoihesabu kama kalsiamu ya siku. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za madini hayo kwa siku katika chakula chake, na hesabu hiyo ijazwe kwa maziwa mabichi yaliyochemshwa au maziwa lala, kwa sukuma wiki, na kwa omena, ambayo huliwa na mifupa yake yote.

Mzazi ambaye hawezi kumudu maziwa kila siku aanze na omena na sukuma, na ile spinachi iendelee kuwa mboga ya zamu. Mwenye maumivu makali ya kiuno yanayoshuka hadi kinenani, au anayeona damu kwenye mkojo, asijitibu kwa kubadilisha mboga. Afike kituo cha afya kilicho karibu apimwe.