Tukitafuta jina kwa namba ya kadi: maelezo kwa wasekretere wa lokalite

Leo tunaongea juu ya kitu kidogo cha ordinateri, lakini ni hicho kinachoamua kama mama anarudi nyumbani na bashi yake ao mikono mitupu.

Lista yetu ya warejeaji mnaijua. Kolone A ni jina la mkubwa wa familia, B ni kijiji, C ni hesabu ya watu wa nyumba, D ni namba ya kadi. Iliandikwa hivyo tangu mwanzo kwa sababu wakati wa kuandikisha, mtu anatoa kwanza jina, na kadi anapewa mwisho. Lakini siku ya kugawa mambo yanageuka: mtu anakuja na kadi, na sisi tunatafuta jina. Namba iko kuume, jina liko kushoto.

Wengi walifundishwa RECHERCHEV. Ile inatafuta katika kolone ya kwanza ya tablo, kisha inaleta kitu cha kuume tu. Nyuma hairudi. Ndiyo maana mnaona watu wanakopia kolone D na kuiweka mbele ya A, na kesho kuna lista mbili zisizofanana. Zaidi ya hiyo, ukisahau kuandika FAUX mwishoni, inaweza kukuletea jina la jirani bila kukuonya.

RECHERCHEX (katika Excel ya Kiingereza inaitwa XLOOKUP) haijali upande. Unaiambia vitu vinne: unatafuta nini, utafute wapi, ulete kutoka wapi, na useme nini kama hakipatikani. Tuchukue lista ya familia 411, na katika ukurasa wa siku ya kugawa tunaandika namba ya kadi ndani ya A2:

```
=RECHERCHEX(A2;Lista!$D$2:$D$412;Lista!$A$2:$A$412;"Angalia kadi")
```

D na A zianze na ziishe kwenye mistari ileile; zikipitana urefu hata mstari mmoja, utaona #VALEUR!. Alama za dola zinazuia mistari isiteleze unapovuta formule chini.

Sasa lile neno la mwisho. Bila hilo, namba isiyopatikana inaleta #N/A, na mtu wa mezani anaogopa. Wengine wanafunika kila kosa kwa SIERREUR na kuacha nafasi wazi. Hatupendi hivyo: SIERREUR inafunika hata formule iliyoandikwa vibaya, na nafasi wazi haimwambii mtu cha kufanya. Tuliandika "Angalia kadi", hatukuandika "Hayuko", kwa maana ordinateri haijui kama mtu hayuko. Inajua tu kwamba haikuona alama zinazofanana.

Mfano ni huu. Mama anakuja na kadi 0147. Kwenye karatasi yuko, lakini ordinateri inasema "Angalia kadi". Tukitazama vizuri, kwenye lista 0147 imekaa kushoto ya kisanduku chake: ni maandishi. Pale tulipoandika sisi, imekaa kuume na sifuri imepotea, inabaki 147: ni hesabu. Kwa Excel hivyo ni vitu viwili. Dawa ni kuweka kolone zote mbili za namba katika Texte kabla ya kuandika. Kama mlikwisha kuandika, kubadili format peke yake haitoshi, mtaandika upya. Tazameni pia nafasi iliyobaki nyuma ya namba. Macho hayaioni, formule inaiona.

Kwa hesabu ya watu, kolone C, msiweke 0 mahali pa lile neno. Sifuri inaonekana kama jibu, na kumbe hata kisanduku kitupu cha C kinaleta 0. Lakini na maneno yenyewe SOMME inayaruka kimya, jumla inapungua na hakuna anayeona. Kwa hiyo chini ya kolone ya majina tunahesabu waliokosekana, mfano kwa kadi 37:

```
=NB.SI(B2:B38;"Angalia kadi")
```

Ikitoa zaidi ya sifuri, ripoti kwa mfadhili haijaenda. Kwanza karatasi ya kuandikisha inafunguliwa, kadi kwa kadi.

Neno kwa wale wenye mashini za zamani: Excel 2016 na 2019 hazina RECHERCHEX. Mtaona #NOM?, na ndani ya formule neno _xlfn. Msiifute, si kosa la mtu. Andikeni hivi, jibu ni lilelile:

```
=SI.NON.DISP(INDEX(Lista!$A$2:$A$412;
 EQUIV(A2;Lista!$D$2:$D$412;0));"Angalia kadi")
```

Kadi moja ikiandikwa mara mbili kwenye lista, formule zote mbili zinaleta wa kwanza tu. Hiyo ni kazi ya kusafisha lista kabla ya siku ya kugawa, na tutaikamata pamoja na kila sekretere kwenye lokalite yake.