Fiche ni ya mwenye duka: neno letu kwa vijana wa Koni

Wandugu na badada wa Koni, kuweka butike kwenye Google Maps ni bure. Tunaanza na hilo kwa sababu mutu anayemwambia mama wa duka kwamba Google inaomba falanga anamwibia. Sisi tunalipisha kazi ya mikono yetu, dola 5 kwa mwezi, na tunamwambia hivyo waziwazi.

Tukamate duka la vipuri vya pikipiki. Fiche tunaifungua na adresi ya Gmail ya mwenye duka, ku telefone yake, naye akiwa pale. Yeye anabaki "Propriétaire principal", sisi anatuongeza chini yake. Tukigombana kesho, anatutoa, na fiche pamoja na maoni yote vinabaki kwake. Kijana anayefungua na adresi yake mwenyewe ameshika duka la mwenzake mateka. Hiyo hatuikubali mu mouvement hii.

Halafu mara nyingi Google inaomba video moja isiyokatwa: barabara na majirani, kibao chenye jina, kisha kitu anachoweza mwenyewe tu, kama kufungua kufuli. Jina mu fiche liwe lile la kibao. Ukiongeza "vipuri bei nzuri Likasi", fiche inaweza kusimamishwa. Kama avenyu haina namba, sogeza pini mpaka juu ya mlango.

Na kwa nini alipe kila mwezi? Kwa sababu mutu yeyote anaweza kupendekeza saa zibadilishwe, ao kusema duka limefungwa kabisa, na Google inaweza kukubali. Kila juma tunaangalia saa, namba na pini, tunaongeza picha za vipuri vilivyofika.

Maoni ndiyo kazi nzito. Tuseme muteja ametoa nyota moja: "Nilifika saa nane, mlango umefungwa." Kwanza tunamuuliza mwenye duka. Anasema ni kweli, alikuwa ku matanga. Basi tunaandika kwa jina la duka: "Pole ndugu, siku ile tulikuwa na matanga na hatukubadilisha saa. Piga simu mbele ya kuja, tutakuwekea kipuri." Siku nyingine ya kufunga, tunaiandika mapema mu saa za pekee.

Maoni hayo hatuwezi kuyafuta, mwenye duka pia hawezi. Kuripoti kunasaidia kwa matusi, ao kwa mutu wa duka pinzani aliyejifanya muteja. Maoni ya kweli yanayouma yanabaki. Na kupunguza bei ili muteja atoe nyota tano, Google inakataza, sisi pia.

Nafasi ya kwanza hatumuahidi mutu. Mwisho wa mwezi tunafungua "Performances" pamoja na mwenye duka, tunahesabu waliogusa namba yake na walioomba njia. Akiona miezi mitatu hakuna kitu, aache kulipa, tutamuonyesha namna ya kuichunga mwenyewe.