Sikukuu ya Rongai Si Sikukuu ya Nakuru: Kupanga Kazi Siku Inapogawanyika

(Maneno ya msimamizi wa usafirishaji wa kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa, aliyezungumza na wafanyabiashara na waajiri jijini Nakuru)



Nimeombwa nieleze jinsi kampuni yenye matawi nchi nzima inavyopanga kazi pale ambapo siku moja ni sikukuu huku na ni siku ya kazi kule. Wengi wetu tunadhani hilo ni jambo la mataifa mengine. Ni kweli kwamba Ujerumani, ambako baadhi ya maua yetu ya Naivasha huuzwa, kila jimbo lina sikukuu zake. Tarehe 1 Novemba maduka ya Bavaria hufungwa, ilhali ya Hamburg yako wazi. Mji wa Augsburg una sikukuu yake wenyewe kila tarehe 8 Agosti, na mji wa jirani unaendelea na kazi.

Hapa kwetu kaunti haina mamlaka ya kujipangia sikukuu ya umma. Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, imempa kazi hiyo Waziri, naye hutangaza kwa notisi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Lakini notisi hiyo si lazima iguse nchi nzima. Inaweza kutaja kaunti mbili, au eneo bunge moja tu, na mara nyingi sababu huwa ni uchaguzi mdogo. Sisi wa Nakuru tuliyaona hayo kwa macho yetu tarehe 29 Agosti 2022.

Mtakumbuka kwamba uchaguzi mkuu ulikuwa Jumanne tarehe 9 Agosti. Karatasi za kura zilikuwa na makosa katika maeneo kadhaa, kwa hivyo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliahirisha kura ya ugavana Mombasa na Kakamega, na kura ya ubunge Kacheliba, Pokot Kusini, Kitui Rural na Rongai yetu. Kwanza ikasemwa tarehe 23 Agosti. Hiyo nayo ikaahirishwa. Mwishowe ikawa Jumatatu tarehe 29, na Waziri wa Usalama wa Ndani akaitangaza siku hiyo kuwa sikukuu katika maeneo hayo.

Sasa fikirini lori la sabuni na mafuta ya kupikia linalotoka Mombasa kwenda Kakamega. Linapakiwa Mombasa, ambako ni sikukuu. Linapita Nairobi, watu wako kazini. Linaingia jijini Nakuru, maduka yako wazi na benki ziko wazi. Linafika Salgaa, ambayo iko Rongai, na hapo tena ni sikukuu. Linapanda Mau Summit, linashuka Kericho na Kisumu kwenye siku ya kazi, kisha linafika Kakamega na kukuta geti la depo limefungwa. Barabara haikufungwa mahali popote. Kilichokosekana ni watu wa kupakia na watu wa kupokea.

Kwa hivyo swali la kwanza si kama lori linaweza kupita. Swali ni nani anagusa mzigo, na anaugusia wapi. Mwaka ule tulichofanya ni kupakia Mombasa Jumamosi, lori likalala kwenye yadi yetu ya Nakuru, na likaondoka Jumatatu jioni ili lifike Kakamega Jumanne asubuhi. Dereva alikaa siku nzima bila kazi na posho yake tukalipa. Ilikuwa nafuu kuliko kuita wapakiaji wa Kakamega siku ya sikukuu.

Hesabu yake ni hii. Chini ya Agizo la Jumla la Mishahara, saa za kazi siku ya sikukuu hulipwa maradufu. Tuseme mpakiaji analipwa shilingi 100 kwa saa na anafanya saa 8. Siku ya kawaida ni shilingi 800, siku ya sikukuu ni 1,600. Ukiita watu 20, umeongeza shilingi 16,000 kwa siku moja, na hapo hujahesabu kwamba wengine wako kwenye foleni ya kura na hawatakuja hata ukiwaita. Kama sekta yenu ina makubaliano na chama cha wafanyakazi, somo la kwanza ni makubaliano hayo, kwa sababu yanaweza kuwa na masharti yake.

Makosa yetu nayo niyaseme. Ofisi kuu yetu ilipoona neno Rongai kwenye notisi, karani mmoja aliwatumia ujumbe wafanyakazi wa Ongata Rongai wasije kazini Jumatatu. Ongata Rongai iko Kajiado! Tukafunga tawi ambalo lilipaswa kuwa wazi, na wale wa Rongai ya hapa hawakupata ujumbe wowote. Walikuja kazini, wakafanya kazi, na mwisho wa mwezi wakalipwa kama siku ya kawaida. Manung'uniko yalitufikia, na walikuwa na haki. Tofauti tuliilipa mwezi uliofuata.

Chanzo cha kosa kilikuwa orodha yetu ya matawi. Ilikuwa na sanduku la posta, na sanduku la depo ile linasomeka Nakuru. Anwani ya posta haikuonyeshi mpaka wa eneo bunge. Tangu hapo, kando ya kila tawi tumeandika kaunti, eneo bunge na wadi. Kama huna hakika, muulize chifu wa eneo, au uangalie kituo cha kura kilicho karibu na geti lako kimeorodheshwa chini ya eneo bunge gani.

Kuna jambo jingine ambalo notisi haikulimaliza. Mtu anafanya kazi jijini Nakuru, lakini amejiandikisha kupiga kura Solai. Mahali pake pa kazi si sikukuu, ila kura yake iko kwenye sikukuu. Sisi tuliamua malipo yafuate mahali pa kazi, na ruhusa ifuate kituo cha kura. Aliyeonyesha kwamba amejiandikisha Rongai alipewa asubuhi ya kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara. Ulikuwa uamuzi wetu sisi, na mwajiri mwingine anaweza kuona vingine, lakini aamue kabla ya siku yenyewe, si getini saa moja asubuhi.

Kuhusu tarehe zinazohamahama, tulijifunza kuandika kwa penseli. Tume ikitaja siku ya kura, tunaiweka kwenye kalenda kama siku yenye shaka na hatupangi mzigo mkubwa hapo. Rosta hatuibadilishi mpaka notisi itoke na tuisome maneno yake, maana picha za notisi zinazosambazwa kwenye simu nyingine ni za uongo na nyingine ni za mwaka uliopita. Angalia tarehe, sahihi, na zaidi ya yote orodha ya maeneo. Mwaka ule, aliyewaambia wateja wake mapema kwamba tarehe 23 atafunga alilazimika kuwapigia simu mara ya pili, na pengine ya tatu.

Nina karatasi ya orodha ya matawi tunavyoiandika sasa, yenye safu za kaunti, eneo bunge na wadi. Nimeiacha kwa karani pale mlangoni. Anayetaka nakala achukue, nami nitabaki hapa kwa maswali.