Miti ya Kulisha Mahindi Katika Mashamba ya Bahati



Mtu apitaye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu, akitazama mashamba ya Kabatini, ataona miti mingi. Mpakani mwa karibu kila shamba pana mstari wa grevilia, uliopandwa kwa ajili ya mbao, kuni na kukinga upepo. Huo ni mti mzuri kwa kazi hizo. Lakini wako wakulima wanaodhani kwamba kwa kuwa grevilia huangusha majani mengi, basi huongeza naitrojeni katika udongo. Sivyo. Grevilia hauna uwezo wa kuichukua naitrojeni iliyomo hewani. Majani yake hurudisha tu kile ambacho mizizi yake ilikwisha kukitoa ardhini.

Miti iwezayo kazi hiyo, mingi ni ya ukoo wa maharagwe. Katika mizizi yake huishi bakteria ndani ya vifundo vidogo, nao huibadili naitrojeni ya hewa ikawa chakula cha mmea. Hata hivyo yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba mti ukisimama tu haulishi mahindi. Naitrojeni iliyomo katika majani yake yabaki huko mpaka majani yakatwe, yalazwe udongoni na kuoza. Mti usiokatwa ni kama ghala lililofungwa.

Sasa ni mti upi? Jambo la kwanza la kupima ni kimo cha mahali, maana sehemu kubwa ya Bahati iko mita 1,900 na zaidi juu ya bahari, na upande wa Dundori hupita mita 2,200. Glirisidia, ambao umewafaa sana wakulima wa Malawi, ni mti wa nchi ya joto, na katika baridi ya Bahati hudumaa. Lusina nao haupendi baridi wala udongo wenye uchungu, na tangu mwaka 1992 umekuwa ukishambuliwa katika Kenya na wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi yake. Mkababu, ule mgunga unaopukutisha majani wakati wa mvua na hivyo hauwatilii mahindi kivuli, husifiwa sana huko Zambia, ambako hupandwa mita 10 kwa mita 10. Lakini mkulima hungoja miaka mingi kabla ya kuona faida. Miwati huchukua naitrojeni ya hewa na hustahimili baridi vizuri, ila majani yake huoza polepole, tena mizizi yake ni mlafi wa maji. Kaa la miwati ni zuri. Jirani wa mahindi si mwema.

Yabaki miti miwili inayofaa hasa. Sesibania ni wa kuingia shambani, katikati ya mahindi, kwa sababu hukua upesi, na majani yake laini huoza katika muda wa majuma machache. Kaliandra ni wa kupandwa kwenye kingo za matuta. Majani yake yana ukakasi na hukawia kuoza, kwa hiyo yafaa zaidi yapitie tumboni mwa ng'ombe, kisha yarudi shambani kama samadi. Katika sehemu za Dundori zilizo juu kabisa, kaliandra nao huanza kupunguza mwendo.

Juu ya nafasi, liko somo lililopatikana kwa gharama. Katika miaka ya 1980 wataalamu walieneza mtindo wa kupanda ua wa miti kila baada ya mita chache, na mahindi katikati, miaka yote. Mtindo huo ulitoka Ibadan, Nijeria, nao ulijaribiwa pia Machakos na shirika la utafiti wa kilimo mseto liitwalo ICRAF. Mahali penye mvua haba, mahindi yaliyo karibu na ua yalinyang'anywa maji, na mara nyingi majani yaliyokatwa hayakuweza kufidia hasara ile. Kilichokosekana si naitrojeni, bali nafasi na wakati. Bahati hupata mvua nyingi kuliko Machakos, lakini mahindi ya huku hukaa shambani miezi saba au minane, na katika muda huo mrefu mti wa kudumu hupata nafasi nyingi za kuyaibia. Kwa hiyo sesibania haipandwi pamoja na mahindi. Hupandwa nyuma yake.

Na ichukuliwe ekari moja yenye upana wa mita 50 na urefu wa mita 80 kushuka mteremko. Mahindi yamepandwa mwisho wa Machi, mistari ikikata mteremko, sentimeta 75 kutoka mstari hadi mstari. Mwezi wa Aprili mkulima asia mbegu za sesibania kitaluni. Kwanza azitie kwa kitambo kidogo katika maji ya moto yasiyochemka, kisha azilaze usiku kucha katika maji ya baridi, kwa sababu ganda lake ni gumu. Katika udongo wa kitalu achanganye mabeseni machache ya udongo uliochotwa chini ya sesibania mkubwa, ili bakteria wanaotakiwa wawepo. Asipofanya hivyo miche yaweza kuota vizuri, lakini ikakaa na rangi ya manjano.

Mwezi wa Juni, palizi ya pili ikiisha kumalizika na mahindi yakiwa yamempita mtu magoti, miche huhamishwa. Kila baada ya mistari minne ya mahindi, yaani kila mita 3, hupandwa mstari mmoja wa sesibania katikati ya mistari miwili, mche mmoja kila mita 1. Nafasi ya mahindi haibadilishwi. Ekari hiyo yapata mistari kama 26 ya miche 50, ambayo ni miche 1,300. Mpaka mavuno sesibania hukaa chini ya kivuli, nyembamba kama fimbo. Mahindi yakiisha kuvunwa Oktoba au Novemba, hupata jua lote na mvua za mwisho wa mwaka, nayo huendelea kukua hata wakati wa kiangazi, kwa sababu mizizi yake hushuka chini sana. Utafiti uliofanywa magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mizizi hiyo hupandisha hata naitrojeni iliyokuwa imezama mahali ambapo mizizi ya mahindi haifiki.

Katikati ya Februari miti hukatwa usawa wa ardhi. Isi'ng'olewe, mizizi na iachwe iozee humo. Majani na vijiti laini hutandazwa na kufukiwa mara moja kwa jembe, maana yakiachwa juani siku nyingi sehemu ya naitrojeni hurudi hewani. Fito huenda jikoni.

Je, faida ni kiasi gani? Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, na ni afadhali hesabu ifanywe wazi. Ikiwa kila mti utatoa kilo 1 ya majani mabichi, ekari yapata kilo 1,300. Yakikauka hubaki robo tu, kama kilo 325, na ndani yake naitrojeni ni kama sehemu 3 kwa 100, yaani kilo 10 hivi. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kukuzia ya CAN una kilo 13. Lakini magunia 20 ya mahindi, kila gunia kilo 90, huondoka shambani na naitrojeni ipatayo kilo 27. Tena katika zile kilo 10 za majani, mahindi ya mwaka wa kwanza huenda yakapata sehemu moja tu katika tano. Nyingine hubaki katika udongo na kutoka kidogo kidogo miaka ifuatayo, juu ya ile ya mwaka mpya. Mkulima anayeacha mbolea ya dukani mwaka wa kwanza kwa sababu amepanda miti atavuna njaa. Apunguze kwa kadiri mahindi yenyewe yanavyoonyesha. Majani ya chini yakigeuka manjano kuanzia nchani na kufuata uti wa jani, naitrojeni bado haitoshi.

Mwenye kipande kilichochoka kabisa yafaa atumie njia nyingine. Atenge robo ya ekari, apande sesibania mita 1 kwa mita 1, miche 1,000, na kukipumzisha miaka miwili bila mahindi. Majani yatakuwa mengi zaidi kuliko ya njia ile ya kwanza. Ikiwa robo hiyo ilikuwa ikitoa magunia mawili tu kwa mwaka, hasara ni magunia manne. Kwa mwenye ekari mbili na watoto wengi hilo si dogo, na hakuna haja ya kumlaumu akikataa.

Wakati wa palizi mkulima na achimbe miche mitatu au minne kwa uangalifu na kutazama mizizi. Kifundo chema kimebandikwa kando ya mzizi, na kikisuguliwa kwa ukucha hutoka. Kikipasuliwa, ndani ni chekundu kama nyama. Hapo kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au kijivu ndani, hakifanyi kazi. Lakini mzizi wenyewe ukiwa umevimba, na uvimbe hautoki kwa ukucha, hiyo ni minyoo ya mizizi, ambayo sesibania huipenda na kuizidisha. Jambo hili ni zito kwa Bahati, ambako shamba la mahindi mwaka huu huwa la viazi au nyanya mwaka ujao. Mahali palipoonekana uvimbe huo, sesibania iondolewe, na viazi, nyanya na maharagwe visifuate hapo. Mahindi ndiyo yafuate.

Liko pia jambo ambalo mti hauwezi. Hautengenezi fosforasi. Udongo wa Bahati umetokana na majivu ya volkeno, na udongo wa namna hiyo huishika fosforasi kwa nguvu. Mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau, majani ya sesibania hayataiponya. Yatakiwa mbolea ya kupandia, au samadi nyingi.

Ndipo kaliandra huingia. Hupandwa kwenye ukingo wa tuta, sentimeta 50 kutoka mche hadi mche, na mstari wa kwanza wa mahindi ukae mbali nao mita 1 au zaidi. Miche 500, ambayo ni ua wa mita 250, huhesabiwa kuwa yatosha kumwongezea chakula ng'ombe mmoja wa maziwa kwa mwaka. Hukatwa kwenye kimo cha kiuno, si chini zaidi, kila inapochipua vya kutosha. Ua ukiachwa urefuke, mahindi ya mistari miwili ya karibu huwa mafupi kuliko mengine, na hiyo ndiyo dalili ya kwamba panga limechelewa.

Tena wafugaji na wapatane mapema na jirani zao. Baada ya mavuno ni desturi kufungulia ng'ombe na mbuzi mabua, nao huanza na sesibania kabla hawajagusa bua hata moja. Mwenye shamba lisilo na ua akate mabua na kuyapeleka zizini, mifugo ilie huko huko mpaka Februari.