Hesabu mashuka, usihesabu vyumba

Msikilizaji, ukitaka kujua gesti ya jirani inaingiza kiasi gani, usimuulize mwenyewe. Akihisi unataka kujenga ya kwako, atakwambia biashara imekufa. Akihisi una pesa za kumkopesha, atakwambia wageni wanarudishwa mlangoni. Wewe pita nyuma ya nyumba saa 4 asubuhi, uitazame kamba ya kuanikia. Mashuka yaliyoanikwa pale ndiyo vyumba vilivyolaliwa jana. Kamba haina sababu ya kukudanganya.

Nalisema hili kwa sababu ya Dodoma. Bunge la Bajeti linapoanza mwezi Aprili, mji hujaa. Madereva, maofisa wa wizara na watu waliofuata mambo yao serikalini huhangaika kutafuta pa kulala, na kila mwenye kiwanja akiona hivyo hupiga hesabu kichwani: vyumba 6, kila kimoja shilingi 25,000, siku 365. Anapata zaidi ya milioni 54 kwa mwaka, na kesho yake anaita fundi.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu mwenye nyumba ya vyumba 6 pale Nkuhungu, tuipige hesabu yake upya. Kwanza, Bunge halikai mwaka mzima. Bunge la Bajeti huisha mwishoni mwa Juni, na mikutano mingine ni mifupi. Yote kwa pamoja tuiwekee wiki 17. Pili, hata Bunge likiwa linakaa, ikifika Ijumaa watu wanaondoka. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mtu mwenye shughuli ya saa mbili wizarani anaweza kuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Zamani huyo alikuwa mgeni wa usiku mmoja.

Basi tuseme wiki za Bunge, Jumatatu hadi Alhamisi, mwalimu anauza vyumba 5 kila usiku, na siku tatu zilizobaki anauza viwili. Hiyo ni mauzo 26 kwa wiki. Wiki 35 zilizobaki, auze vyumba viwili kila usiku. Jumlisha mwaka mzima: mauzo 932, wakati nyumba ingejaa kila siku yangekuwa karibu 2,190. Yaani asilimia 43 tu. Kwa shilingi 25,000, ni milioni 23 na kidogo. Zile milioni 54 zimekatika zaidi ya nusu, na bado hatujamlipa mtu.

Sasa tulipe. Wafanyakazi wawili, pamoja na michango yao ya hifadhi ya jamii, tuwawekee 550,000 kwa mwezi. Sabuni, karatasi za chooni, maji na umeme anaotumia mgeni, tuseme 4,000 kwa kila usiku uliouzwa. Bili zisizojali kama mgeni yupo au hayupo, 150,000 kwa mwezi. Halmashauri nayo ina ushuru wa nyumba za kulala wageni, tuuwekee asilimia 10. Angalia hapo: ushuru huo unahesabiwa kwenye bei ya chumba, si kwenye faida, kwa hiyo unaulipa hata mwezi wa hasara. Mwisho, leseni na matengenezo, milioni 1.2 kwa mwaka. Mwalimu anabaki na kama milioni saba na nusu, kabla ya kodi ya mapato.

Kuna na vyombo. Kitanda cha futi tano kwa sita, godoro, chandarua, feni, runinga, meza, kiti, mapazia na mashuka, ukinunua kwa kiasi, chumba kimoja kinakaribia milioni moja na nusu. Vyumba 6 ni milioni 9. Kwa hiyo zaidi ya mwaka mzima mwalimu anarudisha pesa ya vitanda tu, nyumba yenyewe hajaigusa.

Kwenye manunuzi hayo, wengi hubana pasipofaa. Wananunua runinga kubwa na seti moja ya mashuka. Kila kitanda kinahitaji seti tatu: moja imetandikwa, moja iko kwenye maji, moja iko kabatini. Ukiwa na mbili, siku maji yakikatika mgeni wa saa 1 usiku anakuta godoro tupu. Mashuka yawe meupe, maana meupe yanavumilia jiki na doa linaonekana kabla mgeni hajaliona. Na kila godoro livishwe kifuniko kisichopitisha maji. Godoro likishalowa halisafishiki likaisha harufu.

Kifuniko hicho kinakusaidia pia kumwona kunguni mapema. Kunguni haji kwa uchafu, anakuja kwenye begi la mgeni. Kila shuka linapobadilishwa, mfanyakazi akague mishono ya godoro na nyuma ya ubao wa kichwani. Akiona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, chumba hicho kifungwe siku hiyo hiyo, na mashuka yake yatiwe kwenye mfuko humo humo ndani, yaende moja kwa moja kwenye maji ya moto sana. Ukiyabeba mkononi ukumbini, umewatembeza kunguni vyumba vyote.

Sasa tuje kwenye daftari. Liwe moja, na ukurasa mmoja uwe wa usiku mmoja. Chumba huuzwa mara mbili pale mwenye nyumba anapopokea simu nyumbani na mhudumu anapokea nyingine mapokezi. Mtu mmoja ndiye awe anaandika. Na mgeni anayeshikiwa chumba wakati wa Bunge atume nusu ya pesa kwa simu. Asiyetuma, chumba chake kiuzwe ikifika saa 12 jioni, kwa sababu huenda ameshika vitatu mitaa mitatu.

Hapo ndipo kamba inaporudi. Kila jioni linganisha mashuka yaliyofuliwa na majina ya daftarini, ukikumbuka kwamba mgeni wa siku nyingi habadilishiwi kila siku. Mashuka yakizidi majina, kuna shoti taimu za mchana zinazoingia mfuko usio wako.

Na ile miezi ya ukame? Wengi hushusha bei ya usiku, wakamuuzia kwa 15,000 mgeni yule yule ambaye angelipa 25,000. Mwalimu ana vyumba vinne vinavyolala vitupu kila usiku. Bora viwili avipangishe kwa mwezi, kwa mtumishi aliyehamishiwa Dodoma ambaye bado anatafuta nyumba, kwa 200,000 kila kimoja, afue mwenyewe. Mkataba uandikwe kwamba unaisha kabla ya Aprili. Wiki ambazo Bunge halikai, pesa hiyo haimwondoi mgeni hata mmoja, na mwezi wa ukame inalipa sehemu kubwa ya mishahara.

Kwa hiyo, wewe mwenye kiwanja, kabla hujaita fundi, tafuta gesti tatu za mtaa wako uzihesabie mashuka kwa wiki mbili: wiki moja Bunge likikaa, na nyingine wabunge wakiwa majimboni kwao. Hesabu ya wiki hiyo ya pili ndiyo upeleke benki. Ikishindwa kulipa mkopo, usijenge.