Miaka 99 au milele: kodi ya ardhi ina thamani gani leo?

Leo nina hesabu moja tu, ile inayozua kelele kila ardhi ya umma inapokodishwa kwa mwekezaji. Upande mmja unasimama na kusema, "Kodi ni milioni 10 kwa mwaka, mara miaka 99, hiyo ni karibu bilioni moja!" Watu wanapiga makofi. Upande wa pili unajibu kwamba miaka 99 ni sawa na kuuza kabisa. Wa kwanza amekosea hesabu. Wa pili, upande wa pesa, yuko karibu na ukweli kuliko anavyojua.

Tuchukue mfano wa kubuni: kodi ya milioni 10, inalipwa kila mwisho wa mwaka, haipandi, na haina mwisho. Ni pesa ngapi leo zinatosha kuzaa malipo hayo? Tuseme pesa ikiwekwa mahali salama inaleta asilimia 13 kwa mwaka. Ukiweka milioni 76.9, riba ya mwaka ni milioni 10. Unaila riba, mtaji unabaki, na mwaka ujao vivyo hivyo hadi wajukuu wa wajukuu. Basi malipo yasiyo na mwisho yana bei yenye mwisho: milioni 10 ugawe kwa 0.13. Hakuna bilioni hapo.

Sasa ikate iwe miaka 99, ambayo ndiyo kikomo Katiba yetu ya 2010 inachompa mtu asiye raia, kwenye kifungu cha 65. Thamani inapungua kwa kiasi gani? Kama shilingi 428. Si milioni, ni shilingi mia nne na ishirini na nane, nauli ya matatu mara chache. Malipo ya kuanzia mwaka wa 100 yako mbali mno kiasi kwamba leo hayana uzito. Kwa hivyo tukipigana usiku kucha kuhusu 99 au 999, kwa upande wa kodi tunapigania chenji. (Nani atamiliki ardhi hiyo baadaye ni swali zito, lakini ni swali lingine.)

Penye pesa ni penye kipengele cha kodi kupanda. Bei za vitu zinapanda, na Benki Kuu yenyewe inalenga asilimia 5, ikiruhusu 2.5 juu au chini. Kwa mwendo huo wa 5, ile milioni 10 isiyopanda, ikifika mwaka wa 99, itanunua vitu vya kama elfu 80 za leo. Kaunti itakuwa inatoa shamba bure, na risiti juu.

Kodi ikipanda asilimia 5 kila mwaka, kanuni ni hii:

thamani = C ÷ (r − g)

C ni malipo ya kwanza, mwaka mmoja kutoka leo. R ni kile pesa inachozaa. G ni kasi ya kodi kupanda. Milioni 10 ugawe kwa 0.08 unapata milioni 125. Ihakikishe mwenyewe: milioni 125 kwa asilimia 13 inazaa 16.25. Toa 10 za kodi, bakisha 6.25, na mtaji umekua kwa asilimia 5 kamili, tayari kulipa kodi kubwa zaidi mwakani.

Mkataba ukiwa na mwisho, unazidisha jibu hilo kwa kipande kimoja zaidi, n ikiwa idadi ya miaka:

1 − ((1 + g) ÷ (1 + r))^n

Kwa miaka 33 tu, kodi ikipanda 5, unapata kama milioni 113.9. Hebu linganisha: miaka 33 yenye kodi inayopanda inaishinda miaka 99 ya kodi iliyoganda kwa milioni 37, na ardhi inarudi mapema.

Lakini chungeni, kanuni hii ni fupi na ni rahisi kuichezea. Ukishusha r kutoka 13 hadi 10, ile milioni 125 inaruka hadi 200. Anayetaka ardhi ionekane rahisi atapandisha r. Anayetaka kuisifia atapandisha g. Na mtu akikuwekea g inayofika au kupita r, jibu linakuwa halina maana, kwa sababu hakuna kodi inayoweza kukua haraka kuliko riba milele.

Kwa hivyo mkiitwa kutoa maoni ya umma, fungueni ukurasa wa kodi kabla ya ukurasa wa miaka. Mkikuta imeandikwa tu "kodi itaangaliwa upya", bila kiwango na bila tarehe, kwenye hesabu wekeni g kuwa sifuri.